Meneja amesoma ukurasa wako na bado hawezi kuamua: dalili, visababishi na marekebisho

Kazi yangu ni kukaa katikati ya watu wanaounda mifumo na watu wanaoilipia. Hapa Nairobi huletewa nyaraka za kiufundi za kurasa arobaini, sitini, hata mia na zaidi, pamoja na ombi lile lile: "Tufupishie hii iwe ukurasa mmoja, meneja anaitaka kabla ya kikao." Makosa yanayoharibu ukurasa huo ni machache, na hujirudia kutoka ofisi moja hadi nyingine. Nimeyapanga kwa dalili: kwanza unachokiona, halafu kisababishi kinachotokea sana, halafu vile vya nadra.

Nitatumia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni chama cha akiba na mikopo chenye ofisi katikati ya jiji, karibu na Barabara ya Tom Mboya. Wanachama wake hulipa mikopo kwa M-Pesa kupitia nambari ya Paybill, na kila asubuhi karani hupakua taarifa ya malipo ya jana na kuyaingiza kwenye mfumo wa chama. Hupokea malipo kama 600 kwa siku. Mkandarasi alileta waraka wa kurasa 58 unaoeleza jinsi ya kuunganisha mfumo huo na M-Pesa moja kwa moja kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha mifumo ya nje. Meneja ni mama aliyepanda kutoka uhasibu. Anaijua mikopo kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na hajawahi kuandika programu hata siku moja. Ukurasa wa kwanza niliuandika mimi, na haukumsaidia.

## Dalili ya 1: "Nimesoma. Sasa unataka nifanye nini?"

Maneno hayo aliniambia yeye, akiwa ameushika ukurasa wangu mkononi. Alikuwa amesoma kila mstari na ameelewa. Kilichokosekana ni jambo la kuamua.

Kisababishi cha kwanza: muhtasari umefuata mpangilio wa waraka. Waraka wa kiufundi huanza na usuli, kisha malengo, kisha muundo wa mfumo, mahitaji, usalama, majaribio, na gharama mwishoni. Mpangilio huo unamfaa anayejenga. Ukiufupisha sura baada ya sura, unapata waraka mdogo wenye umbo lile lile, na uamuzi unabaki umetawanyika ndani yake.

Ukaguzi wake ni mwepesi. Soma sentensi ya kwanza ya ukurasa wako na utafute kitenzi ambacho meneja mwenyewe ndiye mtendaji wake: kuidhinisha, kukataa, kuchagua, kuahirisha, kupeleka kwa bodi. Sentensi yangu ya kwanza ilisema, "Mradi huu unalenga kuunganisha mfumo wa chama na huduma ya M-Pesa." Hapo mtendaji ni mradi. Meneja hayumo.

Marekebisho ni kuanza upya, si kupanga sentensi upya. Funga waraka, chukua karatasi tupu, uandike: "Tunakuomba uamue kama..." Ukishindwa kuimaliza sentensi hiyo, hujawa tayari kuandika ukurasa. Rudi kwa aliyeutaka muhtasari, umwulize kikao kinaitishwa kwa ajili gani.

Kisababishi cha pili: uamuzi wa meneja umefichwa ndani ya mstari wa kiufundi. Hiki hakitokei mara nyingi kama cha kwanza, lakini madhara yake ni makubwa zaidi, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo.

Katika ukurasa wa 31 wa waraka ule, katikati ya jedwali la mipangilio, palikuwa na mstari huu:

```
"ResponseType": "Completed"
```

Niliuruka. Niliona ni jambo la waandishi wa programu. Ukweli ni kwamba katika kurasa zote 58, mstari huo ndio uliomhusu meneja kuliko mwingine wowote.

Mwanachama anapolipa kwa Paybill huandika nambari ya akaunti yake. Kwa kawaida M-Pesa hukamilisha malipo bila kukiuliza chama kama nambari hiyo ipo. Akikosea tarakimu moja, pesa huingia kwa chama bila mwenyewe, na karani huanza kazi ya kumtafuta. Chama kikitaka, kinaweza kuomba Safaricom iwashe hatua ya uthibitisho. Hapo, kabla ya kukamilisha malipo, M-Pesa huuliza mfumo wa chama kama akaunti hiyo inatambulika, na mfumo hujibu ndiyo au hapana.

Je, mfumo wa chama ukiwa umezima wakati huo? Swali hilo ndilo linalojibiwa na `ResponseType`. Ikiwekwa `Completed`, malipo yanapokewa hata bila jibu, pamoja na yale yenye nambari mbovu. Ikiwekwa `Cancelled`, malipo yote yanakataliwa mpaka mfumo urudi, hata ya mwanachama aliyeandika kila kitu sawasawa na ambaye leo ndiyo siku yake ya mwisho kabla ya faini.

Hilo si swali la programu. Ni swali la jinsi chama kinavyowatendea wanachama wake kosa likiwa la chama chenyewe. Mwandishi wa programu alikuwa amelijibu kwa neno moja kwa sababu fomu ilimtaka aandike kitu.

Kuyapata maneno ya namna hiyo, pitia waraka ukitafuta kila mahali ambapo mfumo "ukishindwa", "usipojibu" au "ukizidiwa" umepangiwa kufanya jambo fulani. Kwa kila mahali, jiulize nani atapigiwa simu siku hiyo. Jibu likiwa ni fundi, acha mstari huo ndani ya waraka. Jibu likiwa ni meneja au karani wa kaunta, upeleke kwenye ukurasa.

Kisababishi cha tatu, cha nadra: uamuzi si wake. Wakati mwingine ukurasa ni mzuri, ila umepelekwa mlango usio wake. Nitarudi hapa kwenye gharama, kwa maana ndivyo ilivyokuwa.

Simama hapa, uite mtu mwingine ukiona waraka wenyewe hauna chaguo lolote, yaani mkandarasi ameshaanza kujenga na muhtasari unatakiwa kama pambo la faili. Mweleze aliyekutuma, kwa maandishi, kwamba hakuna uamuzi uliobaki wa kufupishiwa.

## Dalili ya 2: Ukurasa unapelekwa kwa kijana wa kompyuta "aeleze"

Ukurasa ukihitaji mfasiri, meneja ataamua kwa kumwamini mfasiri, na hatakuwa ameupima mwenyewe.

Kisababishi kikubwa hapa ni namba zilizoachwa bila maana, kuliko maneno magumu. Watu wengi huhangaika na msamiati: wanaondoa vifupisho, wanaeleza seva ni nini. Halafu wanaacha "upatikanaji wa 99.5%" jinsi ulivyo, kwa kuwa asilimia inaonekana kama kitu ambacho kila mtu anakielewa. Meneja wetu, mhasibu hodari, aliiona 99.5% akasema, "Hiyo ni karibu mia, si mbaya."

Mwaka una saa 8,760. Nusu ya asilimia moja inayobaki, yaani muda ambao mfumo unaruhusiwa kuwa umezima, ni saa 43.8, karibu siku mbili nzima. Kwa mwezi wa siku 30 ni saa tatu na dakika 36. Ikiwa 99.9%, kwa mwezi inashuka hadi dakika 43 hivi. Tarakimu moja baada ya nukta inatenganisha mchana mzima na mapumziko ya chai, na huwezi kuiona mpaka uigeuze iwe saa.

Usiishie kwenye saa. Waraka ule ulipima kwa mwaka, si kwa mwezi. Maana yake mkandarasi angeweza kuzimikiwa saa 40 mfululizo, tarehe 30 hadi 1, mishahara ikiwa imeingia na kila mtu akilipa mkopo, na bado akawa ametimiza mkataba. Kwa hiyo kila unapokuta asilimia ya namna hii, itafutie mambo mawili ndani ya waraka: inahesabiwa kwa kipindi gani, na je, matengenezo yaliyopangwa yamo au yameondolewa kwenye hesabu. Mara nyingi yameondolewa, katika tanbihi yenye maandishi madogo.

Kisha ifikishe kwenye kaunta. Saa 44 kwa malipo 600 ya siku ni kama malipo 1,100. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye ukurasa: "Katika mwaka mbaya unaoruhusiwa na mkataba, malipo kama 1,100 yatafika mfumo ukiwa umezima."

Nakala za akiba nazo ni vivyo hivyo. Waraka ulisema mfumo unaweza kupoteza data ya hadi saa 24. Kwa fundi, huo ni mpangilio wa kawaida: nakala inachukuliwa kila usiku. Kwa karani, maana yake ni kwamba mashine ikifa saa kumi na moja jioni, kazi ya siku nzima imepotea. Malipo ya M-Pesa yatapatikana tena, kwa kuwa taarifa yake iko upande wa Safaricom, lakini kuyarudisha 600 kwa mkono, dakika mbili kila moja, ni saa 20 za kazi. Pesa taslimu zilizopokewa kaunta haziko Safaricom. Zitarudi tu ikiwa stakabadhi za karatasi zimetunzwa. Mstari mmoja kwenye ukurasa unatosha: "Mashine ikifa jioni, makarani wawili watahitaji zaidi ya siku moja kurudisha malipo ya simu, na ya taslimu yatategemea vitabu vya stakabadhi."

Kisababishi cha pili: neno moja lina maana mbili jengoni. "Kusuluhisha hesabu" kwa mhasibu ni kulinganisha vitabu na taarifa ya benki. Katika waraka wa mkandarasi ilikuwa ni programu inayoendeshwa kila baada ya dakika 15. Wote waliitikia kwa kichwa, kila mmoja akiwaza lake.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: mchukue karani wa kaunta, msomee ukurasa kwa sauti mara moja, umwombe akueleze kesho yake kazini itabadilikaje. Usimsaidie. Pale anaposema "nadhani", weka alama. Katika chama kile karani alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Kwa hivyo bado nitakuwa na zile za bila mwenyewe?" Ukurasa wangu haukuwa na neno hata moja kuhusu hizo, ilhali ndizo zilizokuwa zikimla asubuhi yake. Alikuwa amezihesabu: kama 18 kwa siku, katika zile 600.

## Dalili ya 3: Meneja aliamua, sasa anasema "hili hukuniambia"

Hii huchukua miezi kuonekana, na ikionekana imani imeshavunjika.

Kisababishi kinachoongoza: gharama iliyoachwa nje. Ukurasa wa 52 wa waraka ulisema shilingi 1,450,000, nami nikaandika 1,450,000. Namba haikuwa ya uongo. Ilikuwa ni bei ya kujenga, kabla ya VAT, na bila ya vitu ambavyo waraka ulivisema mahali pengine.

Kama waraka ni faili la PDF lenye maandishi ya kawaida, njia ya haraka ya kuviona ni hii:

```
pdftotext -layout waraka.pdf waraka.txt
grep -n -i -E "assum|exclu|depend|by others|by client|TBC" waraka.txt
```

Amri ya kwanza inageuza PDF kuwa maandishi matupu. Ya pili inaonyesha kila mstari wenye dhana, kilichoondolewa, kinachotegemea kingine, kitakachotolewa "na wengine" au na mteja, na ambacho bado hakijathibitishwa. Nyaraka zetu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, ndiyo maana maneno ya kutafuta ni hayo. Bila amri hizo, sanduku la kutafutia la kisomaji chochote cha PDF linatosha. Utaandika neno moja moja. Faili likiwa ni picha za kurasa zilizoskaniwa, amri hazitaona kitu, na itabidi usome kwa macho.

Kwetu zilitoka sehemu mbili nzito. Ukodishaji wa seva ulikuwa "kwa mteja", dola 310 kwa mwezi. Ujumbe mfupi wa kumthibitishia mwanachama malipo yake nao ulikuwa "kwa mteja". Niliziweka pamoja hivi:

Kujenga 1,450,000, pamoja na VAT ya 16% ni 1,682,000. Seva, kwa kukadiria shilingi 130 kwa dola, ni 40,300 kwa mwezi, 483,600 kwa mwaka, na pamoja na VAT inafika 560,976. Ujumbe, kwa malipo 600 kwa siku na siku 26 za mwezi, ni 15,600 kwa mwezi. Kwa bei ya senti 80 waliyokuwa wakilipa, kodi ikiwa ndani, ni 149,760 kwa mwaka. Jumla ya mwaka wa kwanza ni 2,392,736.

Kwenye ukurasa usiandike hesabu hiyo yote. Andika "shilingi milioni 2.4 mwaka wa kwanza, kisha kama 711,000 kila mwaka, na sehemu ya seva hulipwa kwa dola, kwa hiyo itapanda shilingi ikishuka." Hesabu yenyewe iwe kwenye karatasi ya pili utakayobeba mfukoni.

Hapo ndipo ule mlango usio wake ulipojitokeza. Meneja yule ana idhini ya kutumia hadi shilingi milioni mbili. Kwa 1,450,000 angetia sahihi mwenyewe. Kwa 2.4 ni lazima aende kwa bodi. Ukurasa wangu wa kwanza ungemfanya avuke mamlaka yake bila kujua, na mkaguzi wa hesabu angemkuta yeye, si mimi.

Kisababishi cha pili: "lazima" na "inafaa" vimefanywa kitu kimoja. Katika nyaraka hizi maneno `shall` na `must` yanamfunga mkandarasi. `should` ni pendekezo linaloweza kuachwa kwa sababu nzuri, na `may` ni hiari tupu. Ukifupisha, yote matatu huwa "mfumo utafanya". Waraka ulisema mfumo `should` kumpelekea mwanachama ujumbe ndani ya dakika moja. Nikaandika "mwanachama atapata ujumbe ndani ya dakika moja." Hiyo ni ahadi ambayo hakuna aliyeitoa. Kwa kila sentensi yenye "ita-" au "uta-" katika ukurasa wako, rudi kwenye mstari wa waraka ulikotoka utazame ni neno gani lilikuwepo. Lilipokuwa `should`, andika "imependekezwa, si sharti".

Simama hapa ukikuta namba mbili za jambo moja zinazopingana ndani ya waraka. Usichague iliyo nzuri, wala usichukue wastani. Mwandikie mkandarasi, umtajie kurasa zote mbili, na usubiri jibu kwa maandishi kabla ya kupeleka chochote kwa meneja.

## Dalili ya 4: Haukai ukurasa mmoja

Kama umeshapunguza maandishi hadi yanasomeka kwa miwani tu na yamekula ukingo wa karatasi, ondoa kwa mpangilio huu: kwanza historia ya mradi, kisha maelezo ya jinsi mfumo unavyofanya kazi ndani, kisha faida ambazo kila chaguo linazo sawa. Faida iliyo pande zote haisaidii kuchagua. Usiguse gharama, kinachotokea mfumo ukizima, wala tarehe ya mwisho ya kuamua.

Bado haukai? Pengine una maamuzi mawili yaliyofungwa pamoja. Yatenganishe yawe kurasa mbili, kila moja na kikao chake.

## Dalili ya 5: Mhandisi anasema "hii si kweli"

Msikilize kabla ya kujitetea, kisha umwulize swali moja tu: meneja akiamua kwa sentensi hii kama ilivyo, ataamua vibaya? Mara nyingi atafikiri kidogo na kusema hapana, ila haijakamilika. Hilo linakubalika. Kutokamilika ndiko ulikoombwa.

Akisema ndiyo, sentensi iondoke siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeandika kwamba uthibitisho "utazuia malipo yenye makosa". Mhandisi akanionyesha kwamba unazuia nambari isiyokuwepo tu. Mwanachama akikosea akaandika nambari iliyopo ya mwanachama mwingine, mfumo utajibu ndiyo na pesa zitaingia kwa jirani. Alikuwa sahihi, na bodi ingeweza kupitisha mradi ikiamini tatizo limekwisha kabisa. Nikaandika: "Utazuia nambari zisizokuwepo. Hautazuia mtu kulipia akaunti ya mwingine kwa kukosea."

Mpe mhandisi ukurasa kabla ya meneja kuuona, na umwombe aweke alama kwenye uongo tu, si kwenye upungufu. Usipompa mpaka huo atakurudishia kurasa nne.

Mambo ambayo hupaswi kuyafupisha mwenyewe. Data za wanachama zikihifadhiwa nje ya nchi, au mkandarasi akipata nafasi ya kuziona, ukurasa upitie kwa wakili au afisa wa ulinzi wa data kwanza. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72, na wajibu huo ni wa chama. Sura ya usalama nayo isomwe na mtu wa usalama asiyelipwa na mkandarasi. Na kama chama kinasimamiwa na SASRA, mamlaka ya kusimamia vyama vya akiba na mikopo, mwulize afisa wa uzingatiaji kama mabadiliko haya yanahitaji kuripotiwa. Usijibu kwa kubahatisha.

## Ukurasa ulivyokuwa baada ya marekebisho

*Tunakuomba uamue mambo mawili kabla ya Ijumaa: kama mradi huu uende kwa bodi, na malipo yafanywe nini mfumo ukizima.*

*Hali ilivyo. Malipo kama 600 huingia kila siku na kuonekana kwenye akaunti za wanachama kesho yake. Kama 18 kati yake yana nambari mbovu na hutafutwa kwa mkono.*

*Kitakachobadilika. Malipo yataonekana siku hiyo hiyo. Nambari zisizokuwepo zitakataliwa kabla pesa hazijatoka kwa mwanachama, Safaricom ikishawasha uthibitisho. Kulipia akaunti ya mwingine kwa kukosea hakutazuiwa.*

*Gharama. Milioni 2.4 mwaka wa kwanza, kisha kama 711,000 kwa mwaka. Inazidi idhini yako, kwa hiyo ni ya bodi. Sehemu ya seva hulipwa kwa dola.*

*Mfumo ukizima. Mkataba unaruhusu hadi saa 44 kwa mwaka, na zinaweza kufuatana mwisho wa mwezi. Malipo kama 1,100 yataguswa. Chaguo la kwanza: yapokewe yote, na kama 33 yatakuwa bila mwenyewe. Chaguo la pili: yakataliwe yote 1,100, na baadhi ya wanachama watachelewa na kutozwa faini.*

*Pendekezo. Nenda kwa bodi, ukichagua la kwanza. Mwombe mkandarasi ahesabu muda wa kuzima kwa mwezi badala ya mwaka.*

Ile 33 ilitoka kwenye hesabu ya karani: 18 katika 600 ni tatu katika mia, na tatu katika mia ya 1,100 ni 33. Bila yeye chaguo hizo mbili zingebaki maneno.

Meneja aliusoma akiwa amesimama, mkoba begani. Aliweka alama kwenye chaguo la kwanza, kisha akaniuliza, "Hawa thelathini na watatu, nani atawatafuta?" Sikuwa nimeandika. Akachukua kalamu, akaandika pembeni cheo cha karani yule wa kaunta na maneno "kabla ya saa sita mchana kesho yake", na ukurasa ukaenda kwa bodi ukiwa na wino wake.